Namna ya kumwandikia ujumbe wa mapokezi mtu wako aliyerudi Hija

Shangazi yangu wa Pangani alirudi Makka mwaka 2025, baada ya kuweka akiba ya vitumbua kwa miaka kumi na minne. Macho yake si mazuri tena. Usiku wa tatu baada ya kufika aliniita nikae naye kwenye mkeka, akanipa simu, akasema, "Nisomee walichoniandikia wanangu." Nikaanza kusoma. Ujumbe ulikuwa mwingi, wa furaha, wenye maua na mikono ya dua. Nilipofika kwenye ule uliosema, "Hongera Hajjat, Hija yako imekubaliwa na dhambi zako zote zimefutwa," alinishika mkono nisiendelee. Akauliza taratibu, "Imekubaliwa, kamwambia nani?"

Hakukasirika. Alikuwa na hofu. Mtu aliyesimama Arafa akilia hajui kama amepokelewa, na hofu hiyo ni sehemu ya ibada yenyewe. Sasa sisi tuliobaki nyumbani tukimtangazia matokeo, tunakuwa tumesema jambo ambalo si letu kulisema. Tangu usiku ule, ndugu zangu wanapotaka kuandika ujumbe wa kumpokea haji huwa wananipigia kwanza, na maelezo haya ni yale ninayowaambia, kwa mpangilio ule ule. Nitautumia ujumbe wa Shangazi kama mfano mpaka mwisho.

Kwanza, uliza kabla hujaandika

Mpigie aliyesafiri naye, au mtoto wake aliyempokea uwanja wa ndege, umwulize mambo machache. Dakika tano zinatosha, na zitakuepusha na makosa yasiyofutika.

Swali la kwanza: ni Hija au Umra? Hija ina siku zake, kuanzia mwezi 8 wa Mfunguo Tatu, na nguzo yake kubwa ni kusimama Arafa mwezi 9. Umra hufanywa wakati wowote wa mwaka, haina Arafa, wala Mina, wala Muzdalifa. Aliyekwenda Umra ya Ramadhani ukimwandikia "Alhaji" na kumsifu kwa Arafa, unamtia aibu mbele ya kundi zima la familia, kwa sababu atalazimika akusahihishe au anyamaze na sifa isiyo yake.

Swali la pili: alijihijia mwenyewe au alimhijia mtu? Wapo wanaokwenda kwa ajili ya mzazi aliyefariki, ile inayoitwa Hija ya badali, na anayeifanya huwa ameshajihijia mwenyewe kabla. Huyo furaha yake ni ya aina nyingine. Amerudi na amana aliyoifikisha. Kwenye ujumbe wake lazima marehemu atajwe.

Swali la tatu, na hili ndilo watu wanalolisahau: alifanyaje? Shangazi ana goti bovu. Tawafu na sai, yaani mizunguko saba ya Al-Kaaba na safari saba kati ya Safa na Marwa, alizifanya akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwezi 10 alirusha vijiwe vyake saba mwenyewe, lakini mwezi 11 na 12 goti lilikataa, mwanawe akamrushia kwa niaba, jambo ambalo wasiojiweza wameruhusiwa. Usipojua haya utaandika "umetembea kwa miguu yako" kwa mtu aliyesukumwa, naye atajiona kama aliyepungukiwa.

Na uliza kama kuna msiba. Katika Hija ya mwaka 2024 joto pale Msikiti Mtukufu lilipita nyuzi 51, na Saudia ikatangaza vifo 1,301. Katika msafara wa jamaa yako huenda yuko mwenzake wa chumba ambaye hakurudi. Kama ndivyo, furaha yako iandike kwa sauti ya chini, na marehemu umwombee rehema ndani ya ujumbe ule ule.

Pili, salamu na jina la kumwitia

Salamu ya Kiislamu hutangulia, kamili, bila kukatwakatwa kuwa herufi tatu. Kisha shikamoo kama ni mkubwa wako. Hata kama umezoea kumtania, siku hiyo shikamoo iandikwe.

Halafu jina. Kuna watu wanaopenda kuitwa Alhaji au Hajjat tangu siku ya kwanza, na kuna wanaoona jina hilo linawavalisha nguo kubwa kuliko mwili wao. Shangazi ni wa kundi la pili. Alisema, "Mimi niiteni Shangazi, hilo la Hajjat ataniita Mola akipenda." Njia salama ni kuanza na jina la udugu ulilolizoea: Shangazi, Baba Mkubwa, Bibi, Mjomba. Hilo la udugu halikosei. La Hija liongeze pale tu unapojua kwamba mwenyewe analipenda, na liende pamoja na la udugu: "Baba Mkubwa Alhaji". Ukimwita Hajjat peke yake, ghafla umekuwa mgeni wake.

Tatu, shukuru kwa kurudi kwake

Hapa ndipo pa furaha, na hapa usijizuie. Kurudi kwake ni jambo unaloliona kwa macho, kwa hiyo lisherehekee bila woga. Ila furaha ya maneno ya jumla haimfikii mtu. "Tumefurahi sana kukuona" angeweza kuandikiwa yeyote aliyetoka popote. Tafuta kitu kimoja ndani ya nyumba yake kilichoonyesha kwamba hayupo.

Kwa Shangazi kilikuwa chuma cha vitumbua. Chuma chenyewe ni cheusi, kina mashimo saba, mpini wake umefungwa kitambaa cha kanga kwa sababu ya moto. Kwa karibu siku arobaini kilining'inia kwenye msumari wa ukuta wa uani, na wateja wa alfajiri waliendelea kupita na kuuliza. Sentensi moja ya chuma kile ilitosha kumwambia kwamba nafasi yake ilibaki wazi. Kwa baba inaweza kuwa kiti chake cha barazani, au redio ambayo hakuna aliyethubutu kuibadilisha stesheni. Kwa bibi inaweza kuwa mjukuu aliyehamia kulala kitandani kwake.

Chagua kimoja tu. Ukiweka vitano vinakuwa hesabu.

Nne, dua ya kukubaliwa, na hapa uandike polepole

Huu ndio moyo wa ujumbe. Kila kinachohusu kukubaliwa kwa Hija kiandike kwa sura ya kuomba. "Mwenyezi Mungu aikubali Hija yako" ni dua. "Hija yako imekubaliwa" ni hukumu. Ni silabi chache tu zinazotofautisha maneno hayo mawili, lakini la kwanza linamwinua mzee na la pili linamtia hofu kama lilivyomtia Shangazi.

Watu hutegemea hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuhiji kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, asitende uchafu wala ufasiki, hurejea kama siku aliyozaliwa na mama yake. Ni hadithi nzuri sana kuiweka kwenye ujumbe. Lakini isome tena: ina sharti katikati. Wengi hulidondosha sharti, wakaandika "sasa umekuwa kama mtoto mchanga". Namna ya kuitumia ni kuigeuza kuwa dua: "Mola akujaalie uwe miongoni mwa wanaorejea kama siku waliyozaliwa na mama zao."

Kama unataka dua ya Kiarabu, iko moja ambayo wazee wetu wa pwani humwambia haji aliyerudi. Kwa mwanamume husemwa: *Takabbala Llahu hajjaka, wa ghafara dhanbaka, wa akhlafa nafakataka.* Maana yake ni: Mwenyezi Mungu aikubali Hija yako, akusamehe dhambi zako, na akulipe badala ya ulichotumia. Kipande hicho cha mwisho nakipenda kwa namna ya pekee, kwa sababu kinatambua kwamba Hija imekula akiba ya mtu, na hakuna pongezi ya kawaida inayokumbuka hilo.

Sasa angalia mwisho wa maneno. Kiarabu hutofautisha unayesema naye. Kwa mwanamke ni *hajjaki, dhanbaki, nafakataki*. Kwa mke na mume waliokwenda pamoja, *hajjakuma, dhanbakuma, nafakatakuma*, na kwa watu watatu au zaidi, *hajjakum, dhanbakum, nafakatakum*. Ujumbe unaosambazwa kwenye simu karibu wote umeandikwa kwa mwanamume, na watu wanaunakili hivyo hivyo kuwapelekea mama zao. Mama aliyesoma madrasa ataliona kosa mara moja, na atajua kwamba dua yake uliiokota mahali. Kama hujiamini na Kiarabu, andika maana yake kwa Kiswahili. Dua haipungui kwa kuombwa kwa lugha ya mama.

Kosa jingine dogo ni kuchanganya *mabrur* na *mubarak*. Hajj mabrur ni Hija njema, safi, na ndiyo iliyotajwa katika hadithi kwamba malipo yake si mengine ila Pepo. Mubarak ni yenye baraka. Kusema "Hija Mubarak" si dhambi, ila unayemwandikia alikuwa akiliomba hilo la kwanza.

Tano, gusa Arafa kwa upande wako

Watu wengi hujaribu kumsimulia haji safari yake mwenyewe: ulizunguka, ukakimbia, ukarusha. Yeye ndiye aliyekuwa huko, mwache asimulie. Wewe unachoweza kumpa ni kile asichokijua, nacho ni jinsi siku ile ilivyokuwa huku.

Arafa inafaa kuliko kituo kingine chochote, kwa sababu ndiyo Hija yenyewe. Mahujaji husimama pale tangu jua linapopinduka mpaka linapozama, na saa za alasiri ndizo wanazoomba kwa machozi. Mwaka 2025 ilikuwa Alhamisi, tarehe 5 Juni. Saa ya Makka na saa ya Afrika Mashariki ni moja, kwa hiyo saa kumi ya jioni yako ilikuwa saa kumi ya jioni yake. Tofauti ni kwamba mwezi wa Juni jua la kule huchelewa kuzama kuliko la kwetu. Sisi tulipokuwa tumeshafuturu, Shangazi bado alikuwa kwenye hema akiomba. Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu.

Tahadhari moja. Mwandamo wa mwezi unaweza kutofautiana, na kuna nyumba zilizofunga Arafa siku iliyofuata ile ya Saudia. Usiandike "siku ile ile tulifunga nawe" kama haikuwa siku ile. Andika kilichotokea: tulikutaja, tulikaa barazani kwako, Bibi alisema hivi.

Na usitaje ibada usizozijua. Kulibusu Jiwe Jeusi ni sunna, na kwa msongamano ule wengi hawalifikii, huliashiria kwa mkono kwa mbali. Madina pia, kuzuru msikiti wa Mtume ni jambo kubwa, lakini si nguzo ya Hija, na misafara haifuati ratiba moja.

Sita, omba dua, usiombe zawadi

Ni desturi yetu kumwomba haji atuombee dua mara tu anapofika, wengine humwomba hata kabla hajavuka kizingiti. Liandike ombi hilo. Linamheshimu kuliko sifa yoyote, kwa sababu linamwambia kwamba unaamini alikotoka.

Lakini "usisahau zamzam yetu" liondoe, hata kwa utani. Chupa ya zamzam anayopewa haji kuja nayo kwenye ndege kwa kawaida ni ya lita 5. Pale Pangani nyumba zilizokuja kumtazama Shangazi wiki ya kwanza zilizidi thelathini, na kila mtu alitaka angalau kikombe cha kahawa. Nilimwona akiigawa kwa kifuniko cha chupa, akisoma bismillahi kila anapomimina, huku akiangalia kiasi kilichobaki. Mtu wa namna hiyo usimwongezee deni.

Saba, mwambie utakuja lini, kisha mwache alale

Mahujaji wengi hurudi na kikohozi, miguu imevimba, na usingizi wa wiki kadhaa. Shangazi alishuka Dar es Salaam, akapanda basi mpaka Tanga, kisha gari jingine mpaka Pangani. Ujumbe mzuri unamwondolea kazi ya kukupokea. Taja siku, taja kwamba chakula kinakuja nanyi, na umwambie wazi kwamba hatakiwi kujibu.

Tuuandike sasa

Hii ndiyo rasimu aliyoniletea binamu yangu mmoja, na moyo wake ulikuwa safi kabisa:

> Assalam aleykum! Hongera sana Hajjat. Hija yako imekubaliwa na sasa umekuwa kama mtoto mchanga. Umelibusu Jiwe Jeusi na kumrushia shetani mawe kwa mikono yako. Takabbala Llahu hajjaka. Usisahau zamzam na tende za Madina. Karibu sana nyumbani.

Tuliipitia pamoja. "Hajjat" tukaiondoa, kwa sababu mwenyewe hakuitaka. "Imekubaliwa" ikawa "aikubali". Jiwe Jeusi hakulifikia, na vijiwe vya siku mbili alirushiwa, kwa hiyo sentensi nzima ilikuwa uongo bila kukusudia. Halafu zile nguzo za Jamarati si shetani mwenyewe. Haji hurusha kila kijiwe kwa takbiri, akiukumbuka utii wa Nabii Ibrahim, na kuisimulia kama mchezo wa kumpiga mtu kunaipunguzia heshima. "Hajjaka" ni ya mwanamume. Zamzam na tende zikatoka. Kilichobaki ni salamu na "karibu nyumbani", na kutokana na hayo mawili tukaanza upya:

> Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shangazi yetu. Shikamoo.
>
> Alhamdulillahi, leo mlango wa uani umefunguliwa na mwenyewe. Siku zote hizi chuma chako cha vitumbua kilikuwa ukutani, na kila apitaye alfajiri aliuliza, "Bado hajarudi?" Leo tunajibu kwa furaha: amerudi, kwa uwezo wa Mola.
>
> Siku uliyokuwa Arafa tulikaa barazani kwako tangu alasiri. Huku jua lilizama mapema, tukajua kwamba wewe bado umeinua mikono, na Bibi akasema tusiondoke mpaka la huko nalo lizame.
>
> Tunamwomba Mwenyezi Mungu aikubali Hija yako, akusamehe, na akulipe kheri kwa kila shilingi uliyoiweka miaka kumi na minne. Kila ulichokiomba pale, tulichokutuma na kile kilicho siri yako na Mola wako, akijibu kwa namna iliyo bora kwako.
>
> Nasi tunaomba utuombee. Usijisumbue kujibu, pumzika. Ijumaa baada ya sala tutakuja sote na chakula tutakuja nacho. Wewe ukae kwenye mkeka tu, utusimulie.
>
> Wanao wa Dar.

Utaona neno "hongera" halimo. Si marufuku, watu wanalitumia na mahujaji wanalipokea vizuri. Kwa masikio yangu linafaa zaidi kwa mtu aliyefaulu mtihani au aliyeoa. Hija ni mwito ulioitikiwa. Ndiyo maana haji husema *labbayka*, nimeitika. Alhamdulillahi inakaa vizuri zaidi mahali pale.

Njia ya kuutuma na wakati wake

Usitume akiwa bado Jedda kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Ngoja usikie kwamba ameingia nyumbani. Jioni ya siku aliyofika au asubuhi yake ndio wakati mzuri.

Kama anayepokea ana simu ya kitochi, huo ujumbe mrefu usimtumie, utamfikia vipande vipande na pengine kimoja kikatangulia kingine. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu unabeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka maandishi ya Kiarabu au picha moja ndogo ya ua, nafasi hiyo inashuka hadi herufi 70, na kwenye simu za zamani yanaweza kutokea kama vibox vitupu. Andika kwa herufi za kawaida, hivi:

> Assalaamu alaykum Shangazi. Shikamoo. Alhamdulillahi umerudi. Allah akutakabalie Hija na dua zako zote. Pumzika, Ijumaa tunakuja sote. Mwanao.

Huo unaingia kwenye ujumbe mmoja na nafasi inabaki. Ule mrefu uupeleke kwa mkono Ijumaa, umsomee.

Kwa asiyeona vizuri, rekodi sauti. Soma ukiwa umeketi mahali tulivu, taratibu, na usizidishe dakika moja na nusu. Sauti ya watoto ikisikika nyuma ni sawa. Sauti ya televisheni si sawa.

Hali chache zinazohitaji maneno tofauti

Aliyehiji kwa badali: weka jina la udugu la marehemu ndani ya dua. "Mwenyezi Mungu aifikishe Hija hii kwa Babu, aifanye nuru katika kaburi lake, na akulipe wewe uliyeichukua amana ukaifikisha." Furaha ya kurudi kwake ibaki, ila ije baada ya dua hiyo.

Aliyerudi wa Umra: mpangilio ni ule ule, badilisha neno Hija liwe Umra, ondoa Arafa, na mahali pake weka kitu kingine mlichokifanya huku. Jina la Alhaji lisitokee kabisa.

Aliyefiwa huko: anza na kushukuru kwamba amerudi, kisha mara moja, "Tumesikia habari za mwenzako. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu." Chuma cha vitumbua na mfano wake viache, uvitumie siku nyingine.

Na mwisho, ndugu asiye Mwislamu. Familia nyingi za kwetu zina pande mbili, na mmoja wa binamu zangu ni Mkristo, alilelewa na Shangazi tangu akiwa na miaka sita. Alinipigia akiwa na wasiwasi, akitaka nimfundishe maneno ya Kiarabu. Nikamwambia asiandike maneno asiyoyaamini wala asiyoyajua, kwa sababu Shangazi angesikia sauti ngeni na si ya mwanawe. Salamu ya kawaida inatosha, na Mungu anatajwa na wote wawili. Aliandika hivi, mwenyewe, bila mimi kubadilisha neno:

> Shikamoo Shangazi. Namshukuru Mungu umerudi. Najua ulivyoitamani safari hii, maana mimi ndiye niliyekuwa nakuhesabia sarafu kwenye kopo la maziwa nikiwa darasa la tatu. Mungu azipokee ibada zako na akupe afya. Nakuja Ijumaa na wenzangu, nitabeba mkaa.

Huo ndio aliotaka nimsomee mara mbili.